"Tutaona" Si Hapana

Binamu yangu alinipigia Jumamosi jioni. "Kaka, kwenye harusi utaongea kwa niaba yetu. Dakika tano tu."

Nikajibu, "Sawa, tutaona."

Kwetu Kisumu "tutaona" ni ndiyo iliyokwisha vaa viatu. Kufikia Jumatatu, rasimu ya programu ilikuwa kwenye grupu la kamati na jina langu limekaa saa nane na nusu, kati ya keki na zawadi. Mimi huyu, ambaye siku ya kupeleka mahari nilimwita bibi harusi kwa jina la mpenzi wa zamani wa binamu!

Kukataa kwenye grupu ni kujichongea: shangazi watatu watakubembeleza na wa nne atakuombea. Kwanza nilimtafuta mjomba wa Ahero, nikapata kauli yake kwamba ataongea. Halafu nikampigia binamu mwenyewe, kabla programu hazijaenda kuchapwa.

"Kaka, hotuba sitatoa. Nikishika maikrofoni majina yananitoka, na wewe unajua. Mjomba amekubali kuongea. Mimi niachie vyombo vya sauti: saa moja asubuhi niko uwanjani, na kila msemaji nitampelekea maikrofoni mkononi."

"Hapana" ilitangulia, sababu ikawa moja tu (ukitoa tatu, atazijibu zote), na ile saa moja ikamwonyesha kwamba sitoroki. Akanyamaza kidogo. "Na betri utanunua wewe?"

Nikanunua.

Siku yenyewe spika nilizielekeza kwa wageni, wasemaji wakae nyuma yake. Mjomba, kwa furaha, akapita mbele ya spika kwenda kusalimia akina mama huku amekikumbatia kichwa cha maikrofoni kama kuku wa kuibwa. Ikapiga mluzi hadi nyanya akaziba masikio. Sauti ya spika ilikuwa inaingia tena kwenye maikrofoni, inatoka, inarudi. Nikapunguza sauti, nikamrudisha mjomba nyuma, nikamshusha vidole hadi kwenye mpini.

Alipofika kwenye nasaha, maikrofoni ikazima. Nikatoa betri mbili za AA, nikatia mpya, nikajaribu: "Moja, mbili. Mnanisikia?"

"Ndiyooo!" hema zima likaitika.

Emsii, ambaye bado alikuwa na ile rasimu ya kwanza, akaruka: "Makofi kwa ndugu wa bwana harusi! Karibu uongee!"

Jasho likanitoka. Nikatazama huku na huku, nikaona kitu kimoja cha kusema.

"Mwenye probox nyeupe, tafadhali isogeze. Imezuia sufuria za pilau."

Nilipigiwa makofi kuliko mjomba, na vigelegele juu. Shangazi akanishika mkono: "Mwanangu, kumbe unaweza! Disemba ndugu yako mdogo anaoa, utaongea wewe."

"Hapana, Shangazi. Nitaleta betri."