Kuhesabu Mimweko ya Taa ya LUKU: Kihisi Kinaongeza Nini?

"Mita yenyewe inanionyesha uniti zilizobaki, sasa hicho kihisi kitaniambia nini zaidi?" Ndivyo alivyouliza mama mmoja wa Mikindani, anayeuza barafu na juisi kutoka kwenye friji la nyumbani, aliposikia kuhusu kihisi cha mwanga kinachobandikwa juu ya taa ya mita ili kuhesabu mimweko yake.

Kuhusu jumla ya matumizi, yuko sahihi kabisa. Taa nyekundu inapomweka, mita imekwisha kuhesabu umeme huo, kwa hiyo kihisi kilichobandikwa juu yake hakiwezi kuwa sahihi kuliko mita. Kitalingana nayo au kitakosea. Kinachoongezwa na kihisi ni habari za muda: umeme ulitumika lini na kwa kasi gani. Kwenye uso wa mita huandikwa namba kama 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1,000 ni uniti moja, na sekunde zinazopita kati ya mmweko na unaofuata hutoa wati zinazotumika wakati huo:

```
wati = 3600000 / (imp_kwh * sekunde)
```

Tukadirie kwamba friji la mama huyo huvuta wati 150 kompresa inapofanya kazi, na vitu vingine vidogo vinavyobaki vimewashwa huvuta wati 30. Kompresa ikiwaka, taa ya mita humweka kila baada ya sekunde 20. Ikizima, kila baada ya sekunde 120. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba kifaa kinachosoma kihisi kinaweza kuandika chenyewe friji limefanya kazi kwa muda gani usiku kucha. Kompresa ikifanya kazi nusu ya muda, matumizi ya mwezi wa siku 30 ni karibu uniti 76. Mpira wa mlango ukilegea na kompresa ikafika theluthi mbili ya muda, yanakuwa karibu uniti 94. Kwa mteja wa majumbani aliye kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi na uniti zinazozidi hutozwa bei kubwa zaidi, mpira huo si jambo dogo. Mita ingemwonyesha tu kwamba uniti zinaisha haraka, na pengine angewalaumu watoto na televisheni.

Hata hivyo, taa hujumlisha kila kitu kilichowashwa nyumbani bila kutaja jina la kifaa. Mchana pasi ikiwa kazini, nayo ikiwaka na kuzima yenyewe, alama ya friji huvurugika, na ndiyo maana saa za usiku wa manane ndizo zinazofaa kusomwa. Vilevile, anayehesabu mimweko ya kila dakika badala ya kupima nafasi kati yake, kompresa ikiwa imezima, atapata sifuri, kisha moja, kisha sifuri tena, ilhali matumizi hayakubadilika hata kidogo.

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye kihisi chenyewe. Mmweko ni mfupi sana, na kihisi cha LDR, yaani kikinza kinachobadilika kwa mwanga, huchelewa kurudi katika hali yake mwanga unapoondoka, kwa hiyo fototransista, inayoitikia mwanga haraka zaidi, ni chaguo bora. Jua likipenya kando ya utepe mweusi, kihisi hulemewa na kuacha kuona mimweko. Taa ya umeme iliyo karibu, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, inaweza kutikisa mwanga mara 100 kwa sekunde na kuingiza hesabu za uongo. Hizi za uongo huchujwa kwa urahisi: mzigo wa ampea 60 kwa volti 230 ni takriban wati 13,800, na kwa mita ya 1000 imp/kWh mimweko yake hutengana kwa sekunde 0.26, hivyo nafasi iliyo chini ya sekunde 0.2 itupwe. Mimweko iliyopotea haichujwi. Hugundulika tu kwa kulinganisha hesabu ya siku nzima na jumla inayosomeka kwenye mita: ikipungua kihisi kimehama au kimezidiwa na mwanga, ikizidi kuna mwanga wa nje unaohesabiwa.

Umeme kukatika si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa bila umeme hakuna mmweko wa kukosa. Hatari iko unaporudi, friji linapoanza kuvuta huku kifaa kikihangaika kutafuta waifai. Programu ianze kuhesabu kwanza, mtandao ufuate, na hesabu ya awali iwe imehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika.

Kwa nyumba yenye balbu chache na chaji ya simu, sioni sababu ya kujisumbua. Mwenye friji la biashara anayekaribia mpaka wa bei atanufaika, mradi asiguse lakiri ya mita, kwa kuwa kihisi hubandikwa nje tu, na mradi mita iwe ukutani kwake. Iliyofungwa juu ya nguzo, na nyumbani pakabaki kisanduku cha kuingizia namba, humwacha bila pa kubandika.