Pima jicho kwanza, rangi baadaye

Anayetaka kugeuza picha ya simu kuwa kazi ya mshono wa msalaba huwa na swali moja: nitumie rangi ngapi? Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni jicho litapata vyumba vingapi, yaani vile viboksi vya mshono mmoja mmoja.

Uso ukitazamwa kwa mbele una upana wa kama macho matano. Kwa hiyo uso wa vyumba 20 unampa mtu jicho la vyumba vinne. Hapo unatakiwa upate kope, weupe, mboni na kona ya jicho. Haiwezekani, utapata doa jeusi, na ndugu watauliza huyu ni nani. Uso wa vyumba 50 unatoa jicho la vyumba kumi, na sura inaanza kumtambulisha mwenyewe. Chini ya 40 mimi sishiki sindano.

Tuchukue picha ya bibi mmoja wa Kongwa, amesimama mbele ya nyumba, kanga begani, mbuyu nyuma yake. Mjukuu alitaka kila kitu kiingie. "Dada, mbuyu usiuache, ndiyo kwao pale." Lakini ukiiweka picha nzima kwenye upana wa vyumba 100, uso unabaki na 14. Tukakata mpaka mabegani, uso ukapata 50 kati ya 100, na urefu ukawa 130. Mbuyu ukaondoka.

Kitambaa huchaguliwa baada ya hapo. Aida ya 14 ina vyumba 14 kwa inchi, hivyo 100 kwa 130 ni takriban sentimita 18 kwa 24. Ongeza sentimita nane kila upande za kubania fremu. Aida ya 18 inapunguza kazi hiyo hadi sentimita 14 kwa 18, lakini idadi ya mishono haipungui hata mmoja: ukijaza vyumba vyote ni 13,000 vilevile, na macho yako ndiyo yatakayolipa. Kwa anayeshona usiku chini ya taa, 14 inatosha, kwa nyuzi mbili kati ya zile sita zilizosokotwa pamoja.

Sasa rangi. Programu ya kugeuza picha huzigawa kwa kuangalia eneo, haijui kipi ni cha maana. Ukiiomba rangi 16, ukuta na kanga vinajichukulia nyingi, na uso unaachiwa tatu au nne. Ndiyo maana nafuta ukuta wote kabla ya kuhesabu rangi, na sehemu hiyo naiacha kitambaa kitupu. Kwenye kompyuta natumia programu iitwayo ImageMagick:

```
magick bibi.jpg -resize '100x130!' +dither -colors 12 -scale 1000% bibi.png
```

Hiyo `+dither` usiisahau. Bila hiyo, programu inatawanya nukta za rangi tofauti ili kudanganya jicho. Kwenye skrini inapendeza, lakini kwenye kitambaa ni mishono iliyotengana, kila mmoja na uzi wake wa kukata na kufunga. Utaijua kwa kugeuza kazi: nyuma pamejaa mafundo.

Ngozi yetu ndiyo inayoumbuliwa zaidi. Picha ya saa saba mchana kwenye jua la Dodoma ina kivuli kizito chini ya kilemba, na programu inakisoma kama kijivu au zambarau. Usiufuate ushauri wake. Chagua kahawia mwenyewe. Kwenye namba za nyuzi za DMC mimi napanga 3371, 938, 801, 433, 434 na 436, kutoka giza kwenda mwanga. Ziweke nyuzi hizo pamoja mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, uzipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Mbili zikionekana sawa, moja haina kazi, itoe. Kinachoufanya uso utoke ni ngazi za mwanga kuliko aina ya rangi, na njia hii inafaa hata ukinunua nyuzi zisizo na namba sokoni Majengo.

Mwisho chapisha mchoro huo na uchukue penseli. Ile nukta nyeupe ndani ya mboni ni chumba kimoja tu, kwa hiyo programu imeshaimeza. Irudishe kwa mkono, upande uleule kwa macho yote mawili.

Na picha ya familia ya watu watano? Nyuso tano za vyumba 40, na mabega na nafasi, ni kama vyumba 350 kwa 220. Hiyo ni mishono 77,000, kwenye kitambaa cha zaidi ya sentimita 63 kwa upana. Anayeshona 100 kwa saa atahitaji saa 770. Mimi nakataa kazi hiyo, na wateja nawaambia wakaichapishe.