Mkate wa Ndizi Uliokataa Kuachia Kisu

Wifi yangu alipiga simu kutoka Kirumba kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba mkate ungemsikia. "Wifi, njoo. Kisu kimeingia, hakitoki."

Nilipofika nilikuta mkate wa ndizi umekaa mezani, kisu kimesimama katikati yake wima bila kushikwa na mtu. Kwa nje ulikuwa umependeza: rangi ya kahawia iliyokolea, harufu imejaa mpaka kwa jirani. Kaka yangu aliubeba kwa mikono miwili, akaupima uzito, akasema kule mwaloni kuna wenye mitumbwi wangeulipia vizuri, wanatafuta nanga. Wifi hakucheka. Mama mkwe wake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa kwenye kivuko akitokea Nansio, na chai ya jioni ilikuwa imeahidiwa kuwa na mkate wa ndizi.

Mimi huoka keki za oda, kwa hiyo nilipewa stuli na kuombwa nitoe hukumu. Tukachomoa kisu (kilitoka na tonge zima) tukaukata mkate katikati ili tuuone ndani. Mkate wa ndizi ukikatwa hujieleza wenyewe, na huu ulikuwa na mashtaka mawili yanayojitegemea.

La kwanza lilikuwa juu. Kuanzia katikati kwenda kwenye kilele kulikuwa na vishimo virefu vilivyopanda kama vichuguu, badala ya matundu madogo madogo yaliyoenea kila mahali. Nikachukua kipande cha sehemu ile nikakivuta: kikarefuka kidogo ndipo kikakatika, wakati mkate wa ndizi unatakiwa umeguke. Hapo sikuhitaji kuuliza, ila niliuliza kwa adabu tu, "Wifi, ulichanganya kwa nini?"

"Kwa mashine," akasema kwa fahari. "Mpaka ikalainika kabisa. Haikubaki hata buje moja."

Mashine hiyo huwa anaitumia kwa keki za kupiga siagi na sukari, na pale inafanya kazi nzuri, kwa sababu siagi na sukari hupigwa kabla unga haujaingia. Unga wa ngano ukishakutana na maji, protini zake hushikana na kufanya nyuzi zinazovutika. Ndizo zinazofanya chapati isukumike bila kupasuka. Kila unavyozidi kukoroga, nyuzi zinaongezeka na kukaza. Kwenye chapati tunazitaka. Kwenye mkate wa ndizi zinaibana hewa ya bekingi soda mpaka itafute njia yake ya kutokea, nayo ikipanda ndiyo inaacha yale mahandaki. Mkate unabaki unatafunika kama una kinyongo.

Shtaka la pili lilikuwa chini. Kitako kizima cha mkate, unene wa vidole viwili, kilikuwa ni utepe mweusi, mng'avu, wenye unyevu, kutoka ncha hadi ncha. Mtoto wa kaka akaubonyeza kwa kidole gumba na alama ikabaki pale pale, unaweza kuhesabu mistari ya kidole. Wifi akasema bila shaka haukuiva, na kwamba alikuwa tayari ameongeza robo saa jikoni. Lakini mkate ambao haujaiva huwa mbichi katikati, chini ya kilele, na juu hudidimia. Huu ulikuwa umeiva pembeni hadi kukauka, kilele kimesimama, na bado kitako chote kimegandamana. Hayo ni maji ya tunda yaliyozidi. Hata angeuacha jikoni mpaka kivuko kinarudi Nansio, ungeungua juu tu.

Ikabidi tuhesabu ndizi. Maelezo aliyotumiwa na rafiki yake yalisema ndizi 6. Rafiki huyo hutumia kisukari, vile vidogo, ambavyo kimoja kikimenywa hakizidi sana gramu 55 au 60; sita zinakupa kama gramu 340, yaani kikombe kimoja na nusu cha ndizi iliyopondwa. Wifi alikuwa na mtwike. Mtwike mmoja mkubwa ukimenywa ni gramu 120 hivi. Sita ni gramu 720. Kwa unga uleule wa vikombe viwili alikuwa ametia ndizi mara mbili ya zilizotakiwa.

Na haikuishia hapo. Ndizi zilipoanza kuwa nyeusi alikuwa amezigandisha kwenye friza, jambo zuri kabisa. Barafu ikiyeyuka, ndizi huachia maji mengi, kwa sababu vile vipande vya barafu vimeshapasua kuta za tunda kwa ndani. Maji yale ya kahawia aliyamimina yote kwenye bakuli. "Nisimwage baraka," alisema. Halafu akaona rojo imekuwa nyepesi, akaongeza unga, na ili unga uingie akawasha tena mashine. Hapo ndipo makosa mawili yalipofunga ndoa: kila alipotibu maji aliongeza mpira.

Wanga wa unga unaweza kunyonya maji kwa kiasi chake tu. Ukiiva na maji ya kutosha, unasimama na kushikilia matundu. Maji yakizidi, na sukari ya ndizi mbivu nayo ikiyang'ang'ania, unabaki uji mzito. Hewa inatoka, rojo inakaa chini, na huo ndio utepe tuliouona.

Mkate uliokwisha kuokwa huwezi kuurudisha kuwa laini. Unaweza kuukausha. Tulikata vipande vyembamba vya sentimita moja, kisu kikichovywa kwenye maji ya moto kila mara ili kisinase, tukavipanga kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, dakika 4 au 5 kila upande. Ule utepe ukageuka ganda lenye sukari iliyoungua kidogo. Vipande vinene haviendi, nje vinaungua na ndani bado ni gundi. Wifi akavificha kabatini, nyuma ya majani ya chai, mama asije akaviona.

Kivuko kilikuwa bado. Ndizi tatu za mtwike zilibaki kwenye friza, tukazianza upya.

Baada ya kuyeyuka, ndizi na maji yake vilikuwa gramu 360. Tukaziweka kwenye chujio la chai, lile kubwa, juu ya bakuli, tukaziacha nusu saa bila kuzikamua. Yalichuruzika maji karibu gramu 100. Hayo hayamwagwi, maana utamu na harufu vimehamia humo. Tukayachemsha kwenye kisufuria hadi yakapungua na kubaki vijiko vitatu vya chakula, mazito, tukayaacha yapoe na kuyarudisha kwenye ndizi. Baraka ikabaki, maji yakaenda hewani. Wifi alitazama mvuke ule kwa uchungu wa mtu anayeona hela zinaruka.

Ndizi zilipondwa kwa uma, siyo kwa blenda. Blenda huzifanya kuwa juisi. Zikachanganywa na mayai 2, mafuta ya kupikia nusu kikombe, sukari robo tatu ya kikombe. Hapo anaruhusiwa kukoroga anavyotaka, kwa sababu unga haujafika. Pembeni, kwenye bakuli lingine, unga vikombe 2 (gramu 250), kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, nusu kijiko cha chumvi, vikachanganywa vikiwa vikavu, ili soda ienee kabla ya maji. Sufuria la kuokea lilikuwa limeshapashwa moto, kwa kuwa soda ikishalowana inaanza kazi papo hapo na haisubiri mkaa ushike.

Kisha unga ukaingia kwenye ndizi. Hapa nilimpa wifi mwiko, mashine nikaibeba mwenyewe hadi chumbani. Unapitisha mwiko chini kabisa, unainua, unageuza juu, unazungusha bakuli kidogo, unarudia. Kama mara 12 hadi 15 zinatosha. Unasimama pale ambapo huoni tena unga mkavu, ingawa rojo ina mabuje na inaonekana ya mtu mvivu.

"Bado ina mabuje," akasema.

"Yataiva."

"Wifi, naona aibu."

"Lete mwiko."

Hakuuleta. Alizungusha mara mbili nyingine akidhani siangalii, kaka akamripoti kutoka mlangoni. Tukamimina kwenye bati la mkate, likawekwa kwenye sufuria kubwa lenye vijiwe vitatu vya kuliinua, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Mkaa mwingi wa chini huunguza kitako kabla katikati hakujapanda. Mwenye oveni aiweke nyuzi 175 na kusubiri dakika 55 hadi 65.

Kijiti peke yake hudanganya kwenye mkate huu. Kikipita kwenye kipande cha ndizi hutoka na utando ukadhani bado, na kwenye mkate wa kwanza kilitoka safi kwa sababu kilichomwa juu tu. Tulichoma sehemu mbili mpaka chini kabisa. Tukabonyeza juu kwa kidole, pakarudi. Pembeni palikuwa pameanza kuachana na bati. Nina kipimajoto cha kuchomeka, nacho kikasoma 95 katikati. Kati ya 93 na 96 unga unakuwa umeshasimama.

Tukauacha kwenye bati dakika 10, kisha tukautoa na kuuweka juu ya wavu. Wifi alitaka kuufunga kwa kitambaa ubaki na joto. Mvuke ukikosa pa kutokea hurudi kitakoni, na utepe unazaliwa upya kwenye mkate usio na kosa. Ulipumzika saa nzima, kaka akiwa mlinzi, ingawa mlinzi mwenyewe ndiye aliyehitaji kulindwa.

Mama alifika, akapokelewa, akanawa, akakaa. Mkate ukakatwa: matundu madogo, sawasawa hadi chini, kisu kikaingia na kutoka bila ugomvi. Mama akala kipande kimoja, akasema ni mzuri, ahsante mkwe wangu, kwa ile sauti ya kusifia chakula cha wageni. Halafu akauliza majani ya chai yako wapi, akainuka mwenyewe kabla hatujawahi kumzuia, akafungua kabati.

Alirudi na sahani ya vipande vya kikaangoni, tayari anatafuna cha pili.

"Hivi ndivyo hasa," akasema. "Vinatafunika na chai. Hivi mnavipikaje?"

Wifi akanitazama. Kaka akatoka nje haraka, mabega yakitikisika.

"Mama," wifi akasema taratibu, "vile vinahitaji mashine."