Kosa la 0.1 hutokea kabla ya hesabu kuanza

Namba ya aina ya `float` inapoonyesha 0.100000001 badala ya 0.1, wengi hueleza kwamba kompyuta imekosea kukokotoa. Maelezo hayo siyaafiki, kwa sababu kosa hilo hutokea pale 0.1 inapohifadhiwa katika biti 32, kabla ya hesabu yoyote kufanyika, na ukubwa wake hujulikana kwa kalamu na karatasi tu.

Kiwango cha IEEE 754, kilichotolewa mwaka 1985, huhifadhi 0.1 kama sehemu ambayo kiasi chake ni namba nzima ya biti 24 na asili yake ni 2 iliyopandishwa kwenye kipeo fulani. Ili kiasi kiwe na biti 24 kamili, yaani kiwe kati ya 8,388,608 na 16,777,215, asili inayofaa hapa ni 2 kwa kipeo cha 27, ambayo ni 134,217,728. Moja ya kumi ya asili hiyo ni 13,421,772.8, na kwa kuwa kiasi hakiruhusiwi kuwa na desimali, huchukuliwa namba nzima iliyo karibu zaidi, yaani 13,421,773. Hiyo 0.2 iliyoongezwa ndiyo kosa lote. Ukiigawa kwa asili, unapata takriban 0.0000000015.

Binafsi naona wanafunzi wangeanzia kwenye sehemu hii ya kiasi na asili, kuliko kuanza na mfuatano wa sifuri na moja usio na mwisho, kwani hapa sababu inaonekana waziwazi: 10 ina kigawo cha 5, na 2 iliyopandishwa kwenye kipeo chochote haigawanyiki kwa 5. Kinyume chake, 0.5, 0.75 na 0.625, ambazo asili zake ni 2, 4 na 8, huhifadhiwa bila kosa lolote.

Biti zenyewe hupangwa hivi: biti ya alama ni 0, kipeo −4, kwa kuwa 0.1 ni 1.6 mara 2 kwa kipeo cha −4, huongezewa 127 kikawa 123, na kiasi huondolewa biti yake ya kwanza, ambayo siku zote ni 1. Matokeo kwa heksadesimali ni `3DCCCCCD`, na ile `D` ya mwisho, iliyokaa mahali pa `C`, ni alama ya ukadiriaji huo.

```c
float x = 0.1f;
printf("%.27f\n", x);
printf("%d\n", x == 0.1);
```

Mstari wa kwanza wa matokeo huwa 0.100000001490116119384765625, thamani kamili iliyohifadhiwa. Wa pili huwa 0, kwa kuwa `0.1` isiyo na `f` ni ya biti 64, nayo ina kosa lake dogo zaidi, hivyo zinazolinganishwa ni namba mbili tofauti. Ukiandika `x == 0.1f`, jibu linakuwa 1, maana pande zote mbili zimekadiriwa kwa namna ileile.