Mkiomba fildi anzeni na tarehe, hayo ya "kijana wa Kitanzania" yatakuja baadae

Msimu wa maombi ya fildi ukifika watu wa utumishi hutuletea sisi wa karakana ya umeme imeli za wanafunzi tuseme nani anatufaa, na kwakweli nyingi zimeandikwa kama zimetoka mashine moja. "Yah: husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 22, naomba kwa heshima na taadhima..." Unashuka mpaka chini kabisa na hujaona anakuja lini wala anakaa wiki ngapi, na ukifungua kiambatanisho unakutana na IMG-20260412-WA0031.jpg, yaani barua ya chuo imepigwa picha juu ya kitanda, muhuri umekatwa nusu.

Mi naona tarehe ndo kitu cha kwanza. Sio kwamba tunapenda urasimu, ni kwamba mwanafunzi kwenye karakana ya umeme haachwi peke yake, kila mmoja lazima awe na fundi anayemwangalia, kwahiyo mafundi wakiwa wawili na mmoja anaenda likizo Agosti nafasi imebaki moja tu. Ukiniandikia "kuanzia mwezi wa saba" siwezi kukupanga. Ukiniandikia 13 Julai hadi 4 Septemba 2026 naona hapohapo ni wiki nane, Jumatatu hadi Ijumaa, naangalia ratiba nakujibu. Na iwe kwenye kichwa cha imeli kabisa, maana wengi tunasomea kwenye simu na kinachoonekana kabla ya kufungua ni kichwa na maneno machache ya mwanzo.

Pili ujuzi. Hapa ndo watu wanachanganya unyenyekevu na kulialia. "Nisaidie bosi wangu, nitashukuru hata nikifagia" hainisaidii, na "nina ujuzi mkubwa wa mitambo yote ya umeme" nayo inanitisha, mtu wa mwaka wa pili mitambo yote kaiona wapi? Andika ulichoshika kwa mkono wako na kilipoishia. Mfano mtu akisema ameunganisha stata ya sta-delta ya mota chuoni, hiyo nashika, kwasababu akija namuuliza swali moja tu, ukikosea kontakta ya sta na ya delta zikavuta kwa pamoja kinatokea nini? Aliyeiunga kweli atajibu bila kuwaza kwamba fezi zinagongana, ni shoti, ndo maana unapitisha waya wa koili ya hii kwenye mguso wa ile ili moja ikivuta nyingine isiweze. Aliyenakili kwa mwenzake anaanza kuangalia dari.

Mi ningeiandika hivi:

Kichwa: Maombi ya fildi ya umeme, 13 Julai hadi 4 Septemba 2026

"Habari za kazi. Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika karakana yenu ya umeme kwa wiki nane, kuanzia 13 Julai hadi 4 Septemba 2026. Nasoma stashahada ya uhandisi umeme, mwaka wa pili. Kama tarehe hizi hazifai naweza kuanza wiki moja baadae, ila chuo kinanitaka nirudi kabla ya tarehe 14 Septemba.

Chuoni nimefunga waya za nyumba kwenye ubao wa mazoezi, nimeunganisha stata ya sta-delta, na natumia multimita. Mega nimeonyeshwa tu, sijapima mwenyewe. Sijawahi kufanya kazi kwenye mtambo wa kiwandani, hivyo nitahitaji kuelekezwa. Viatu vya usalama na ovaroli ninavyo.

Nimeambatanisha barua ya chuo, wasifu na matokeo ya muhula uliopita. Asanteni."

Chini jina, chuo, namba ya simu, basi. Hiyo sentensi ya mega ndo naipenda kuliko zote, kwasababu kile kifaa kinapima insulesheni kwa volti 500 au 1000 na mtu anayejifanya anakijua anaweza kukiweka kwenye saketi yenye vifaa vya elektroniki akaviunguza. Aliyesema hajui namfundisha siku ya kwanza, aliyedanganya tutajuana vitu vimeshaungua. Na hapo kwenye viatu msidharau, sehemu nyingi usipokuwa navyo mlinzi wa geti hakuruhusu uingie eneo la mitambo, utakaa ofisini unapanga mafaili.

Viambatanisho skani viwe pidiefu, vipe majina yenye jina lako, siyo doc1. Na usitume imeli moja kwa makampuni kumi huku anwani zote zinaonekana juu, tunaziona jamani. Ukikaa kama wiki bila jibu, jibu juu ya imeli yako ileile usianzishe nyingine, mstari mmoja unatosha, uliza kama tarehe zako bado zina nafasi.