Chini ya chati yako, dola moja ni shilingi ngapi?

Ofisi nyingi za utalii hapa Arusha hupokea fedha za aina zaidi ya moja. Mgeni wa ng'ambo hulipia safari yake kwa dola angali kwao, mteja wa ndani hulipa shilingi, na kundi la kutoka Kenya laweza kulipa kwa shilingi za Kenya kabla ya kuvuka Namanga. Nusu mwaka ikiisha mhasibu anajumlisha zote, anachora chati moja ya mapato, na wenye kampuni wanaamua mambo kwa kuitazama. Kwangu mimi, chati ya namna hiyo isiyotaja kiwango cha kubadilishia fedha haifai kuwekwa mezani, hata kama kila namba imetoka kwenye stakabadhi halali.

Chukua mfano wa kampuni ndogo. Tuseme Januari iliingiza dola 20,000 na shilingi milioni 15. Juni ikaingiza vilevile: dola 20,000 na shilingi milioni 15. Biashara haijasogea hata hatua moja. Sasa tuseme Januari dola ilikuwa shilingi 2,400, na Juni ikafika 2,700. Ukichora kwa shilingi, nguzo ya Januari ni milioni 63 na ya Juni ni milioni 69. Mapato yamepanda kwa zaidi ya asilimia 9! Chukua daftari hilohilo uchore kwa dola: Januari inatoka 26,250, Juni inatoka kama 25,556. Mapato yameshuka.

Daftari moja limetoa chati mbili zinazopingana, na hakuna aliyekosea hesabu. Anayeonyeshwa ya kwanza ataongeza gari, na anayeonyeshwa ya pili atapunguza wafanyakazi.

Wala mabadiliko ya ukubwa huo si ya kufikirika. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, kisha ikateremka hadi karibu 2,400 kufikia Desemba. Huku kwetu Oktoba ndipo msimu mkubwa unapomalizikia na Novemba wageni hupungua. Kwa hiyo chati ya shilingi ya miezi ile ilishuka kwa sababu mbili kwa pamoja, na asiyejua kiwango kilichotumika angeutwika msimu mzigo wote.

Dawa inategemea swali unalouliza. Kama unataka kujua biashara imekua au la, badilisha miezi yote kwa kiwango kimoja tu. Katika mfano wetu, ukitumia 2,400 kwa Januari na Juni, nguzo zote mbili zinakuwa milioni 63, na huo ndio ukweli wa kazi iliyofanyika. Kama unataka kujua shilingi ngapi zilipatikana za kulipa mishahara na mafuta, basi tumia kiwango cha kila mwezi; na dola zilizokwisha kuuzwa benki ziandikwe kwa bei iliyo kwenye karatasi ya benki, maana ndiyo uliyoipata kweli. Wengi huchora chati ya kiwango cha kila mwezi halafu wanaisoma kama ya kiwango kimoja, na hapo ndipo ninapogombana nao.

Kuna kosa jingine linalojificha kwenye Ekseli na wenzake. Mtu anataka kurahisisha kazi, anazidisha dola za kila mwezi kwa fomula hii ya Google Sheets:

```
=GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDTZS")
```

Fomula hiyo huleta bei ya sasa, si ya mwezi ule. Kwa hiyo chati ya mwaka jana inabadilika kila unapoifungua, na ripoti uliyoichapisha Machi haitalingana na faili la Agosti. Ukiona nguzo za zamani zimetikisika bila mtu kugusa miamala, anzia hapo. Kiwango kiandikwe kwa mkono kwenye safu yake, mwezi kwa mwezi, na kibaki hivyo.

Maelezo chini ya chati hayahitaji zaidi ya mstari mmoja au miwili. Taja kiwango pamoja na upande wake, yaani "Dola 1 = Sh 2,400", kisha tarehe au kipindi, kisha chanzo. Benki Kuu hutangaza bei ya kununua, ya kuuza na ya kati, kwa hiyo sema umetumia ipi. Shilingi za Kenya nazo zipewe kiwango chao, cha siku ileile na chanzo kilekile. Usichukue cha dola kutoka Benki Kuu na cha Kenya kutoka duka la kubadilisha fedha.

Kipimo changu cha kama maelezo yanatosha ni hiki: mpe mwenzako kiasi halisi cha mwezi mmoja kwa kila fedha, pamoja na maelezo yako, umwambie akokotoe nguzo ya mwezi huo. Akilazimika kukuuliza chochote, rudi ukaandike ulichokiacha.