Kufungwa Bao Usiku wa Masika

Mvua ya masika hapa Magomeni haina adabu. Ile ya vuli huja, ikanyesha, ikaaga kama mgeni mwenye kwao. Lakini ya masika huingia mwezi Machi, huvua viatu, huomba mkeka, na inapofika Aprili imekwishakuwa mwenyeji, hata mimi ndiye ninayeonekana mpangaji katika nyumba niliyoijenga kwa mafao yangu ya kustaafu. Bati langu lilikuwa na tundu moja. Nikamwita fundi, akalipaka lami, akapokea fedha zake, akaenda zake, na tangu siku hiyo nina matundu matatu. Kwa hiyo jioni inapoingia mimi hupanga mabeseni matatu sebuleni kama mtu anayesubiri wageni wa kunawa mikono, na kila baada ya nusu saa huinuka na magoti yangu haya, ambayo nayo huvuja kwa namna yao, kwenda kuyamwaga.

Jioni ninayoisimulia, umeme ulikatika saa moja kasoro. Bi mkubwa wangu alikuwa Bagamoyo harusini, huko ambako kwa maelezo yake jua lilikuwa linawaka. Mama wa mjukuu wangu alipiga simu kueleza kwamba Mto Msimbazi umefurika, barabara ya Jangwani imefungwa, naye yumo ndani ya daladala ambayo haiendi mbele wala hairudi nyuma, hivyo nikae na mtoto mpaka maji yapungue. Nikae na mtoto! Kana kwamba nilikuwa na miadi ya kwenda kucheza dansi.

Mjukuu huyo ana miaka 10 na amerithi jina la marehemu mama yangu, ndiyo sababu mimi humwita Mama, na ndiyo sababu pia hunisemesha kama vile alinizaa. Aliniomba simu. Ilikuwa imebaki chaji ya asilimia 4, akaitumia yote kunionyesha mchezo wa kijana anayekimbia bila kusema anamkimbia nani. Nilipojaribu mimi, yule kijana aligonga ukuta mara tatu, na mara ya nne simu ikazima yenyewe, nadhani kwa kumwonea huruma. Nikahamia kwenye vitendawili. Nikasema, "Nyumba yangu haina mlango," na kabla sijavuta pumzi akajibu "yai", kwa sauti ya karani anayegonga muhuri. Nilitega vingine vitano akavitegua vyote huku akiangalia dari. Karata tulikuwa nazo, lakini zilikuwa zimebaki 38, na mchezo wa karata 38 haujatungwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka bao langu, na hapo ndipo ilipofufuka kesi yangu ya siku nyingi na bi mkubwa. Bao lile ni la mninga, zito, mashimo yake yamelainika kwa vidole vya watu ambao wengi wao sasa ninawasomea dua. Bi mkubwa alilihukumu kuwa kifuniko cha ndoo ya mchele ili panya wasifunue. Nililitoa nikalifuta vumbi kwa ncha ya kikoi, nikateremsha kopo la maziwa ya unga lenye kete juu ya kabati, tukazihesabu kwa mwanga wa kibatari. Bao linataka kete 64. Koponi mlikuwa na komwe 51, zile mbegu za kijivu, ngumu, zinazoteleza mkononi kama zimepakwa mafuta. Zile 13 nyingine sijui ziliko, ingawa paka wetu nina wasiwasi naye.

"Babu, mbegu za ubuyu hazifai?" akauliza, akachomoa mfukoni pakiti ya ubuyu mwekundu. Ikabidi tuketi kuumumunya ubuyu kama watu waliotumwa. Mbegu zenyewe zilitoka ndogo, nyekundu, zinanata, na hasara ya kete inayonata ni kwamba mtu anadhani ameiacha shimoni kumbe ameondoka nayo kidoleni. Niliyaona matatizo hayo tangu mwanzo, nikanyamaza kwa kuwa nilidhani yatanisaidia mimi.

Nilianza naye kwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili. Mashimo ni 32 katika safu nne, kila mchezaji ana safu zake mbili, na vita yote iko kwenye safu za mbele zinazotazamana. Unazoa kete za shimo lako, unazitembeza moja moja, na ya mwisho ikiangukia mbele kwenye shimo lako lenye kete, huku shimo la mwenzako linalotazamana nalo nalo lina kete, unazila zile za mwenzako. Kuzila si kuziweka mfukoni, bali ni kuziingiza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na kuendelea kuzitembeza. Kama ya mwisho haikula lakini imekuta wenzake shimoni, unawazoa wote unaendelea na safari. Ikiangukia shimo tupu, umelala.

"Kwa hiyo mtu anakula halafu anaendelea kufanya kazi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni kama pensheni.

Nilimfunga mara mbili na nikafurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Hata hivyo niliona jambo lililonikosesha raha. Mtoto huyu, ambaye shuleni anadai hesabu zinamuumiza kichwa, alikuwa ameacha kutembeza kete kwa mkono ili aone zinakoishia. Alikuwa anatupa jicho shimoni, midomo inatikisika kidogo, kisha anazoa. Niliwahi kukaa na wazee barazani miaka miwili kabla macho yangu hayajajifunza kwenda mbele ya vidole, na huyu alikuwa na saa moja tu, tena gizani.

Akadai bao lenyewe, la wakubwa. Nikampangia: kete 6 kwenye nyumba, lile shimo la pembe nne, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi kwa kila mmoja. Hapo mchezo huanza kwa kunamua, maana yake kila zamu unadondosha kete moja kutoka mkononi kwenye shimo lako la mbele lenye kete. Ukikuta la kula, ni lazima ule, hakuna kujifanya umeshiba. Zaidi ya hapo nilimweleza jambo moja tu, kwamba ukila kwenye mashimo mawili ya pembeni kabisa ya kila upande unaingiza kete kutoka kichwa cha upande uleule, lakini ukila katikati unachagua mwenyewe uingilie kushoto au kulia. Mengine nilimwachia ayagundue, kwa kuwa mwalimu hafundishi mpaka mbinu za kumpiga mwalimu.

Mpaka zamu ya 12 nilikuwa mfalme. Nyumba yangu ilikuwa imenona, ina kete 9, na kwa upande wake mkabala na nyumba hiyo palikuwa na kete moja, ya ubuyu, imekaa imenyongea. Mchezaji mwenye akili timamu angedondosha kete nyumbani, akaila ile moja, na hatari ingekuwa imepita. Lakini mimi nikaona kichwani kushoto kwangu pana kete zake tatu. Tatu ni nyingi kuliko moja. Hata mtoto wa chekechea anajua. Nikala zile tatu, nikaziingiza kushoto kama sheria inavyotaka, ya mwisho ikaangukia shimo la tatu lililokuwa tupu, nikalala huku nikijipongeza.

Mjukuu akainamia bao mpaka nikaogopa kibatari kitamuunguza nywele. Nikasikia ananong'ona, "Nane mbele, moja nyuma." Akadondosha kete moja juu ya ile ya ubuyu, akaizoa nyumba yangu yote, akachagua kuingilia kushoto, akatembeza kete tisa za jasho langu: moja moja katika mashimo yake manane ya mbele, na ya tisa ikageuza kona ikaingia safu ya nyuma, kwenye shimo tupu, akalala. Alilala vizuri sana. Maana sasa hakuwa na shimo hata moja la mbele lisilo na kete, na popote nilipoweka kichwa mimi palikuwa na mdomo umefunguliwa upande wa pili.

Nilisema mwanga hautoshi. Nilisema mbegu za ubuyu zimenidanganya. Nilidai kwamba kibao cha beseni la pili kinanipotezea hesabu, tone, tone, tone, na mjukuu akanijibu kwamba beseni la pili lilinyamaza muda mrefu, kitu ambacho ningepaswa kukifikiria zaidi. Katika zamu nne zilizofuata nilikula mara moja, tena kete moja. Kisha safu yangu ya mbele ikawa nyeupe kabisa, hamna kitu, nami nina kete mkononi ambazo sina pa kuzidondosha, kwa kuwa kete haiwekwi kwenye shimo tupu. Nimewahi kufungwa bao maishani, siwezi kukana. Ila kufungwa ningali na akiba mkononi, na mtu ambaye kanda mbili zake nimemnunulia mimi, hilo lilikuwa geni.

"Turudie," nikasema.

"Babu, miguu yako imelowa."

Kweli ilikuwa imelowa. Beseni la pili lilinyamaza kwa sababu lilijaa, na maji yalikuwa yamekwishapita chini ya mkeka yakielekea chumbani kwa heshima kama yanakwenda kulala. Sikuyamwaga tangu saa mbili, na wakati huo ilikuwa saa nne na ushei. Nikamwambia magodoro yana umri wa kujitegemea, apange kete.

Tukazikusanya na kuzihesabu ili tugawane 32 kwa 32. Zangu zikatimia. Zake zikawa 31. Tukahesabu upya, tukakung'uta mkeka, nikapapasa majini kwa mkono mmoja huku nimeshika kibatari kwa mwingine, na nilipoinua uso nikamkuta ameketi kimya, shavu moja limevimba.

"Mama, una nini mdomoni?"

Akaitema kiganjani: kete ya ubuyu, ya kahawia, haina hata dalili ya sukari.

"Nilikuwa nafikiri, Babu," akasema.

Nikaipokea, nikaifuta kwenye kikoi, nikaiweka kwenye nyumba yake.